Kiboksi cha pedali hakiongezi nguvu: kwenu mafundi wapya wa umeme wa magari

Kijana mwingine amefunga kiboksi cha pedali, kile kinachochomekwa kati ya pedali ya mafuta na kompyuta ya gari, kwenye Hilux ya dizeli na kumwambia mteja kwamba gari limeongezwa nguvu. Wadogo zangu, mkono mnao, tena mwepesi, ila mnafunga kitu msichokijua, na mteja akirudi mnaanza kubahatisha. Tukae tuelewane.

1. Jueni kinachobadilika. Pedali ya mafuta haivuti tena waya wa chuma, inapeleka volti kwenye kompyuta ya gari. Kwenye Toyota kuna laini mbili, VPA na VPA2. Tuseme mguu ukiwa juu VPA inasoma 0.8 na VPA2 inasoma 1.6, na ukikanyaga hadi sakafuni VPA inafika 3.8. Sasa kanyaga robo. Bila kiboksi VPA itatoka na volti 1.55. Kiboksi kikiwa kwenye modi ya spoti kinaipokea hiyo 1.55 na kupeleka 2.3, kana kwamba umekanyaga nusu. VPA2 nayo lazima ipandishwe kutoka 2.35 hadi 3.1, kwa sababu kompyuta inalinganisha laini hizo mbili muda wote. Ukifika sakafuni ni 3.8 ile ile, iwe na kiboksi au bila.

Ndiyo maana dereva anaona gari limekuwa jepesi: mguu mdogo unaomba mafuta mengi mapema. Turbo, nozeli na pampu ni zile zile. Mteja akibisha, nendeni naye barabara iliyo wazi, akanyage mpaka mwisho kutoka 40 hadi 80, kwanza kiboksi kikiwa kimezimwa, kisha kikiwa spoti. Muda hautabadilika. Na anayelalamika kwamba gari limepungua nguvu, msimfungie kabla ya kuangalia filta ya hewa, filta ya dizeli na mipira ya intakula. Kiboksi kitamfichia ugonjwa, naye ataendelea kuendesha gari bovu.

2. Zimeni swichi, tokeni na ufunguo, fungeni milango, subirini kama robo saa kompyuta ilale. Ndipo mchomoe soketi ya pedali.

3. Fungeni waya. Hapa ndipo ninapokasirika kweli, kwa sababu kosa hili linaweza kuua mtu. Ililetwa Hilux iliyokuwa ikikata mafuta kwenye matuta na barabara mbovu, ikitulia kwenye lami nzuri. Siku moja ilikata ikipanda mlima Kitonga, malori nyuma yake, injini ikabaki sailensa tu. Skana ilitoa kodi ya hitilafu P2138, yaani laini mbili za pedali hazikubaliani. Vijana walikuwa wameshabadilisha pedali nzima, na ugonjwa ukarudi.

Tulifanya hivi. Swichi on, injini haijawashwa, skana iko kwenye data za moja kwa moja. Mmoja alikanyaga robo na kutuliza mguu, mwingine akatikisa waya za kiboksi taratibu. VPA ilikaa 2.3 bila kutetereka. VPA2 ilikuwa 3.1, ikaanguka karibu na sifuri, ikarudi. Tukakitoa kiboksi, tukachomeka pedali moja kwa moja kwenye soketi ya gari, tukatikisa tena: laini zote mbili zikatulia. Pedali ilikuwa nzima tangu mwanzo. Ndani ya soketi ya kiboksi, pini ya VPA2 ilikuwa imerudi nyuma. Aliyefunga aliacha waya unaning'inia juu ya mguu wa dereva, na kila kiatu kilipopita kiliuvuta kidogo.

Kwa hiyo soketi iingie mpaka ilie "ta", kufuli yake ishuke, na waya upandishwe juu ufungwe kwa taiziti kwenye bracketi isiyotembea. Kisha kandamizeni breki na mafuta kwa mkono mpaka mwisho, mkiangalia kama kuna kinachogusa.

4. Msimwachie mteja spoti ya juu kabisa. Nusu ya kwanza ya pedali inabeba karibu kazi yote, iliyobaki haina la kufanya. Anayerudi rivasi karibu na ukuta, au anayetambaa kwenye tope kwa gia ya kwanza, atarushwa. Mzee mmoja aliyebeba mayai alituomba tumrudishie gari lake lilivyokuwa, na alikuwa na haki. Modi ya eko nayo isiuzwe kama dawa ya mafuta: inapunguza pupa ya mguu, lakini dereva akikanyaga zaidi kufidia, matumizi yanabaki yale yale.

5. Hilux za zamani zenye kebo ya mafuta hazifungwi kiboksi hiki kabisa.

6. Skana inasoma kilichotoka kwenye kiboksi, haioni mguu. Gari likija na malalamiko yoyote ya mafuta, chungulieni kwanza juu ya pedali. Kiboksi kikiwepo, kitoeni, chomekeni soketi ya gari, futeni kodi, pimeni upya, halafu ndipo mzungumzie bei ya spea.