Neno moja kwa kila video: kujua skripti ipi inaleta oda

Nina video iliyotazamwa mara 38,400, na nyingine ya bidhaa ileile iliyoishia 5,900. Wakati ule ungeniuliza ipi inauza, ningekuonyesha ya kwanza bila kusita, na ile ndogo nilikuwa karibu kuifuta. Kilichoniokoa ni kwamba kila video niliipa neno lake, na mteja alipokuja aliniandikia neno hilo. Nilipohesabu waliolipa, video kubwa ilikuwa imeleta oda 8. Ile ndogo, 19.

Bidhaa ilikuwa taa ya mezani ya kuchaji. Skripti ya kwanza ilianza na swali, "Macho yanakuuma ukisoma usiku?", ikaonyesha taa, ikamaliza kwa "andika neno NDEGE inboksi nikupe bei". Ya pili haikuuliza kitu. Mkono unawasha taa, unapita viwango vyake vitatu vya mwanga, sauti inataja inakaa na chaji saa ngapi, inataja bei, kisha "andika neno NYOTA nikutumie rangi zilizobaki".

Utajiuliza ndege na taa wapi na wapi. Ndiyo sababu niliichagua. Mwanzoni nilitumia neno TAA, na kila aliyeulizia taa aliandika taa, hata ambaye hajawahi kuona video yangu. Neno zuri ni lile ambalo mtu hawezi kuliandika kwa bahati. Liwe fupi, na liandikike kwa namna moja tu. Epuka maneno yenye r na l, maana RANGI itakujia kama LANGI, na yale yanayoanza na h, ambayo wengi huidondosha. Kama badala ya neno unatumia promo kodi yenye herufi na tarakimu, usiweke O karibu na sifuri wala I karibu na moja. Mteja akikosea mara moja akaambiwa kodi haipo, wengi hawajaribu tena.

Kati ya neno na promo kodi, mimi huanza na neno, kwa sababu halinigharimu punguzo. Lakini mtu lazima awe na sababu ya kuliandika, ndiyo maana kwenye NYOTA niliahidi picha za rangi zilizobaki. Ukitumia promo kodi, punguzo liwe sawa kwenye kila video unayolinganisha. Nimeshaona mtu akishangilia skripti yake "kali" ambayo kodi yake ilikuwa na punguzo mara mbili ya kodi nyingine. Pale aliyeuza ni punguzo.

Jaribio langu la kwanza kabisa lilikwenda na maji, na ni kosa utakalolifanya nawe usipoangalia. Neno la video moja lilitajwa mwishoni tu, la nyingine liliandikwa kwenye kioo tangu mwanzo hadi mwisho. Watu wengi huondoka kabla video haijaisha, kwa hiyo video ya kwanza ilikuwa na wateja walionunua bila kulijua neno lake. Nilidhani napima skripti, kumbe napima mahali nilipoweka neno. Nilirudia zote mbili: neno linatamkwa, linakaa kwenye kioo sekunde tano za mwisho, na linatokea mstari wa kwanza wa maelezo chini ya video. Zote sawasawa.

Linki ya kwenye wasifu wa akaunti haiwezi kukufanyia kazi hii peke yake, kwa kuwa video zote zinashiriki linki moja. Ila mahali unapoweza kuweka linki ya video husika, WhatsApp inakuruhusu kumwandikia mteja neno kabla hajagusa kitufe cha kutuma:

```
https://wa.me/NAMBA?text=NYOTA
```

Badala ya NAMBA weka namba yako yenye kodi ya nchi, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri za mbele. Mteja akifungua anakuta NYOTA imeshaandikwa, kazi yake ni kutuma tu.

Sasa daftari. Jedwali langu lina safu tano: tarehe, jina la mteja, neno, amelipa, amerudisha. Mstari unaandikwa siku ujumbe unapoingia, neno likiwa kama lilivyokusudiwa hata kama yeye aliandika "nyta". Amelipa inajazwa NDIYO hela ikishaonekana, si akisema "nitakutumia jioni". Kuhesabu oda za neno moja:

```
=COUNTIFS(C:C,"NYOTA",D:D,"NDIYO")
```

Herufi kubwa au ndogo haijalishi hapo, lakini nafasi iliyobaki mwishoni mwa neno inajalisha. Hesabu ikikupa oda chache kuliko unavyokumbuka, angalia hilo kwanza.

Wasiokuja na neno lolote ninawauliza, "Umetuonea wapi?" na ninanyamaza. Usiwaulize "ni ile video ya mkono unaowasha taa?", maana mtu anayetaka kununua atakubali chochote ili kufupisha maongezi. Majibu yao ninayaweka safu ya pembeni na siyachanganyi na maneno. Hata kama theluthi moja ya wanunuzi wanasahau neno, ulinganisho bado unasimama, mradi wanasahau kwa kiwango kilekile kwenye video zote. Ndiyo maana nasisitiza maneno yalingane kwa urahisi na yakae mahali pamoja.

Turudi kwenye zile oda 8 na 19. NDEGE ilileta ujumbe 146, NYOTA 41. Yaani video kubwa ilinifanya nijibu watu 18 ndipo nipate mmoja wa kulipa, na ndogo ilinitosha wawili. Nilikaa jioni moja nikasoma ujumbe wa NDEGE wote. Karibu wote walifuata njia moja: neno, mimi natoa bei, kimya. Skripti iliwaita watu wenye hamu ya kujua bei, na bei ndiyo iliyowafukuza. Video ya NYOTA ilikuwa imewafukuza mapema, kabla hawajanigusa, na waliobaki walikuwa wanachagua rangi. Kwa hiyo wingi wa ujumbe usikupe kichwa. Ukihesabu maneno yaliyoingia bila kuyafuata hadi kwenye malipo, utaichagua skripti inayokuchosha.

Je, tofauti ya 8 na 19 ni ya kweli, au ni wiki tu imekuwa nzuri? Kuna kipimo cha haraka ninachotumia kwa video zilizokaa hewani siku sawa. Jumlisha oda za pande zote mbili, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa mbili. Tofauti ikizidi namba hiyo, ichukulie kwa uzito. Hapa jumla ni 27, kipeuo chake kama 5.2, mara mbili ni 10.4, na tofauti yangu ni 11. Imepita, lakini kwa pua. Ingekuwa oda 4 kwa 6 ningeziita sawa, na mgeni yeyote anayeniambia skripti fulani imeshinda kwa oda mbili namwomba asubiri. Kipimo hiki ni cha kukadiria tu, na kwa oda chini ya kumi kwa jumla sikitumii kabisa.

Ila nilikuwa nimejua ipi inauza bila kujua kwa nini. Skripti zile zilitofautiana kwa mambo mawili makubwa, mwanzo wake na kutaja bei. Nikatengeneza ya tatu: mwanzo wa swali la macho kama ya kwanza, bei ikatajwa kama ya pili, neno NYUKI. Siku 14 hewani kama wenzake. Ilitazamwa mara 12,100, ujumbe 52, oda 17.

Kati ya 17 na 19 hakuna tofauti ya kuzungumzia, kwa hiyo mwanzo haukuwa na uzito niliodhani. Kati ya 17 na 8 tofauti ni 9, na kipimo kilidai 10. Haikutosha. Hapo ndipo watu huchoka na kutangaza jibu wanalolipenda. Nilirekodi tena skripti hizo mbili, ya NYUKI na ya NDEGE, kila moja na neno lake jipya, siku 14 nyingine, zikaleta 14 na 6. Ukijumlisha raundi zote mbili ni 31 kwa 14, tofauti 17, na kipimo kinadai 13.4. Tangu hapo bei ya ile taa inatajwa ndani ya video. Kwa bidhaa ambayo bei yake hubadilika kwa kila mteja, kama kazi za kupimiwa, sijui ningefanya vivyo hivyo, na jaribio langu halisemi lolote juu ya hilo.

Utakutana pia na swali la video ndogo yenye oda nyingi kwa kila watazamaji elfu. NYOTA ilikuwa na zaidi ya oda 3 kwa kila elfu, NYUKI kama 1.4. Usikimbilie kusema NYOTA ni bora mara mbili. Mtandao ulizipeleka kwa watu tofauti, na video iliyoonyeshwa kwa wachache huenda ilionwa zaidi na wafuasi wako, ambao tayari wanakuamini. Kigezo hicho kinakufaa unapotaka kuilipia video moja isambazwe, na hata hapo uanze na kiasi kidogo uone kama kiwango kinabaki pale watazamaji wanapokuwa wageni.

Jambo la mwisho ni kuvuja. Neno halina punguzo, haliwindwi sana, lakini promo kodi husambaa kwenye makundi ya watu. Dalili yake ni oda kupanda huku video haitazamwi tena, au oda kadhaa za kodi moja ndani ya saa moja kutoka kwa watu wanaofahamiana. Mara nyingine si kuvuja: video ya zamani imefufuka na kuanza kuonyeshwa upya, hivyo fungua takwimu za video kwanza kabla ya kulaumu. Kama imevuja kweli, simamisha hesabu tarehe ile, oda zilizofuata uziandike lakini usizipe skripti sifa. Na neno lililomaliza kazi usilitumie tena kwenye video nyingine. NDEGE bado inaniletea mtu mmoja mmoja hadi leo, na ningeipachika kwenye video mpya, nisingeweza kujua anayeiandika ametoka wapi.