Kalkuleta inaharibu π nikiongeza pande

"Naanza na pembesita ndani ya duara, nazidisha pande mara mbili kila hatua. π inakaribia vizuri, halafu inayumba, mwisho napata 0. Nakosea wapi?"

Hesabu yako iko sawa, umbo la fomula ndilo linalokuangusha. Bila shaka unatumia hii, nusu kipenyo kikiwa 1:

`s' = √(2 − √(4 − s²))`

Pembesita ina s = 1. √3 ni 1.73205, ukiitoa kwenye 2 inabaki 0.26795, na kipeuo chake ni 0.51764. Zidisha kwa pande 12, gawanya kwa kipenyo 2: 3.1058. Pande 96 zinakupa 3.1410. Lakini upande ukishakuwa mdogo sana, √(4 − s²) inakaribiana mno na 2, na ukitoa namba mbili zinazokaribia kulingana, tarakimu za maana zinafutika. Zikiisha zote, unapata 0. Tumia hii, ni ileile ila haina kutoa kule kwa hatari:

`s' = s / √(2 + √(4 − s²))`

Kila hatua kosa linapungua karibu mara nne, na kwa kuwa umbo lako liko ndani ya duara, mzingo wake unausogelea ule wa duara kutoka chini bila kuupita.

— Si uandike tu n × sin(180°/n)? Rahisi zaidi.

— Jibu litatoka, ila kalkuleta hugeuza digrii kwa π iliyokwisha kuihifadhi. Hapo hujaitafuta, umeiazima.

— Mimi nimechora pande za nje ya duara, napata 3.46. Ni hiyohiyo?

— Hapana, hiyo inashuka kutoka juu.