Namba ya Prandtl, na sensa iliyosoma oili baridi huku bamba likiungua

*"Wadau, niko mwaka wa tatu hapa Nakuru. Najua Pr = ν/α, nimekariri. Lakini inamaanisha nini hasa? Na kwa nini unene wa matabaka mawili unatofautiana kwa Pr^(1/3) na si kwa Pr yenyewe? Nikiuliza naambiwa ni ya kukariri tu."*

Ndugu, mimi namba hii niliielewa kiwandani, miaka kadhaa baada ya kuifanyia mtihani. Nilikuwa fundi katika kiwanda kimoja cha sukari upande wa Nyando. Tulikuwa na mtambo mdogo wa kusafisha oili ya gia za kinu: pampu inavuta oili kutoka tangini, inaipitisha kwenye filta, kisha juu ya bamba la hita ili ipate wepesi. Kabla kidogo ya mwisho wa bamba, milimita tano kutoka kwenye uso wake, kulikuwa na sensa ya halijoto iliyopaswa kuzima hita ikizidi. Asubuhi moja nikasikia harufu ya oili iliyoungua. Geji ilisoma digrii 30. Tulipofungua tukakuta bamba lina ukoko mweusi mgumu, kama wa sufuria ya ugali iliyosahauliwa motoni. Sensa tuliipima kwenye maji ya moto, ikasoma sawasawa. Haikuwa mbovu. Ilikuwa imekaa mahali ambapo joto halifiki, na namba ya Prandtl ndiyo inayoeleza kwa nini.

Anza na ukuta. Kimiminika kinachogusa bamba hakiendi popote, kimeshikwa pale. Chembe zilizo juu yake zinavutwa nyuma na hicho kilichoshikwa, na zilizo juu zaidi zinavutwa na hizo. Ukisimama kwenye mfereji wa mashamba ya mpunga kule Ahero unaliona jambo hili kwa macho: majani yaliyo katikati yanakwenda, yaliyo kandokando karibu yamesimama. Habari ya kwamba "hapa kuna ukuta" inasambaa kutoka ukutani kuelekea katikati, na kasi ya kusambaa kwake ndiyo ν. Wakati huohuo bamba lina joto, na habari ya joto nayo inasambaa kutoka ukutani kwenda nje. Kasi yake ya kusambaa ndiyo α. Zote mbili zinapimwa kwa mita za mraba kwa sekunde, kwa hiyo unaweza kuziweka pamoja na kuuliza ipi inasambaa upesi kuliko mwenzake. Jibu la swali hilo ndilo Pr.

Huku zikisambaa kwenda nje, mtiririko unazibeba kwenda mbele. Ndiyo maana haziendi mbali na ukuta, bali zinabaki kwenye tabaka jembamba linalonenepa polepole kadiri unavyosogea kutoka ukingo wa mbele wa bamba. Sehemu ambayo kasi bado inaathiriwa na ukuta niite tabaka la mwendo, unene wake δ. Sehemu ambayo halijoto bado inaathiriwa niite tabaka la joto, unene wake δT.

Sasa tuiweke oili yetu kwenye hesabu. Nitatumia tarakimu za oili ya injini zinazopatikana kwenye majedwali ya vitabu, kwenye digrii 57 hivi, ambayo ni katikati ya oili ya digrii 30 na bamba la digrii 85. Hapo ν ni kama 97 × 10⁻⁶ na α ni 0.08 × 10⁻⁶. Ukigawanya unapata Pr ya karibu 1200. Yaani katika oili, habari ya ukuta inasambaa upesi mara elfu moja na mia mbili kuliko habari ya joto. Angalia pia hiyo Pr kubwa imetoka wapi. α ya oili ni kama nusu tu ya α ya maji, lakini ν yake ni zaidi ya mara mia ya ν ya maji. Ni mnato ndio umeipandisha. Wengi huona Pr kubwa wakadhani kimiminika hicho kinakataa joto kwa namna ya ajabu, na sivyo.

Chukua kasi ya mita 1 kwa sekunde, na umbali wa sentimita 10 kutoka ukingo wa mbele. Namba ya Reynolds, Re, yaani kasi mara umbali ukigawanya kwa ν, inakuwa karibu 1035, kwa hiyo mtiririko ni tulivu, na kanuni za bamba bapa zinatosha:

```
δ  = 5x / √Re    = 5(0.1)/32.2 = 15.5 mm
δT = δ / Pr^(1/3) = 15.5/10.6  = 1.5 mm
```

Joto lote la hita lile lilikuwa limebanwa ndani ya milimita moja na nusu. Sensa yetu, kwenye milimita tano, ilikuwa ndani kabisa ya tabaka la mwendo lakini nje ya tabaka la joto. Ilikuwa inasoma oili ya tangini.

Hapo ndipo swali lako la mzizi wa tatu linapoingia. Kama Pr ni 1200, mbona tabaka moja ni mara kumi na moja tu ya jingine? Hii haihitaji kukaririwa. Inatoka kwa hoja ya mistari michache, chukua kalamu.

Kitu kinachosambaa kwa muda t hufika umbali ambao mraba wake ni kama kasi ya kusambaa mara t. Kwa tabaka la mwendo, muda uliopo ni ule ambao oili hutumia kupita urefu x kwa kasi ya nje U, yaani x/U. Kwa hiyo δ² ni kama νx/U. Sasa njoo kwenye joto. Ungetaka kuandika vivyo hivyo, δT² ni kama αx/U, lakini ngoja. Joto limebanwa karibu na ukuta, na karibu na ukuta oili haiendi kwa kasi U. Imeshikwa. Ndani ya tabaka la mwendo kasi inapanda karibu kwa mstari mnyoofu kutoka sifuri, hivyo kwenye ukingo wa tabaka la joto kasi ni kama U mara δT/δ. Katika mfano wetu haifiki hata moja ya tano ya U. Joto basi linapewa muda mrefu zaidi wa kusambaa kabla halijafagiliwa, na muda huo ni xδ/(U·δT). Weka hapo:

```
δT² ~ α · xδ/(U·δT)
δT³ ~ (αx/U) · δ
x/U ~ δ²/ν
δT³ ~ (α/ν) · δ³    →    δT/δ ~ Pr^(-1/3)
```

Kipeo cha tatu kimezaliwa na ile δT iliyotoka kwenye kasi. Tabaka la joto linaishi ndani ya sehemu ya polepole ya tabaka la mwendo, na upole huo unalinenepesha kuliko ambavyo lingekuwa. Mimi nilipoiona hoja hii mara ya kwanza nilikaa kimya na karatasi yangu kwa muda. Miaka yote nilikuwa nimekariri alama tu.

Hoja hiyohiyo inakuonyesha pia mahali inapokoma. Zebaki ina Pr ya karibu 0.025 kwenye halijoto ya chumba, kwa sababu ni chuma na elektroni zake huru hubeba joto kwa kasi kubwa. Humo tabaka la joto limetoka nje kabisa ya tabaka la mwendo, liko kwenye kasi kamili ya U, na kile kipeo cha tatu hakipo. Unabaki na δT² kama αx/U, na uwiano unakuwa Pr^(-1/2): joto linafika mbali kama mara sita kuliko mwendo. Ukitumia mzizi wa tatu kwa zebaki au sodiamu iliyoyeyuka utapata jibu lisilo na maana. Kwa hewa, Pr ni 0.7, kwa sababu katika gesi molekuli zilezile zinazogongana ndizo zinazobeba mwendo na ndizo zinazobeba joto, na matabaka mawili yanakaribia kulingana. Kwenye bamba lile na kasi ileile, hewa ingekuwa na tabaka la mwendo la milimita 6 na la joto la milimita 7. Mtu aliyeizoea hewa anaweka sensa karibu na bamba na inafanya kazi. Nadhani aliyeweka ya kwetu alikuwa na mazoea hayo.

Turudi kwa ukoko. Hita yetu ilitoa kama wati 1.2 kwa kila sentimita ya mraba. Kwa mtiririko tulivu na joto linalotoka sawasawa kwenye bamba zima, namba ya Nusselt, Nu, inatupa h, yaani wati zinazotoka kwa kila mita ya mraba kwa kila digrii ya tofauti, na k ni upitishaji joto wa oili:

```
Nu = 0.453 · Re^(1/2) · Pr^(1/3) ≈ 155
h  = Nu · k/x = 155(0.141)/0.1 ≈ 219 W/m²K
```

Wati 1.2 kwa sentimita ya mraba ni 12,000 kwa mita ya mraba; gawanya kwa 219, unapata tofauti ya digrii 55 kati ya bamba na oili: bamba lilikuwa kwenye 85, na hapo hakuna kinachoungua. Lakini filta ilikuwa inaziba taratibu. Kasi ikishuka hadi robo, matabaka yote mawili yananenepa mara mbili, na tofauti ya halijoto nayo inakuwa mara mbili, digrii 110. Bamba sasa linakaribia 140. Na δT? Milimita 2.9. Bado haijafika kwenye sensa. Kwa hiyo geji ikaendelea kusema 30, hita ikaendelea kuwaka, kasi ikaendelea kushuka, na oili iliyogusa bamba ikapikwa siku baada ya siku.

Usizichukue tarakimu hizi kama kipimo cha maabara. Mnato wa oili hushuka sana inapopata joto, kwa hiyo oili iliyo ukutani ni nyepesi kuliko nilivyokadiria, na bamba halisi lilikuwa baridi kidogo kuliko hesabu yangu. Kanuni hizi pia zinataka mfereji mpana kuliko tabaka la mwendo, na zinataka joto lianze pale bamba linapoanzia. Hita ikianzia katikati ya bamba, tabaka la joto linakuwa jembamba hata zaidi, kwa sababu limechelewa kuanza kunenepa.

Tuliihamisha sensa, tukaibana kwenye mgongo wa bamba lenyewe, tukaongeza swichi ya mtiririko inayokata umeme pampu ikilegea. Asubuhi ya kwanza geji ilipanda hadi 80 na kitu ikatulia, na mwendeshaji wa shifti akaja mbio kuniambia hita imeharibika kwa sababu "haijawahi kusoma juu hivyo". Nilimchorea matabaka mawili kwenye kipande cha boksi, la milimita kumi na tano na la moja na nusu, nikaweka nukta ya sensa ya zamani pale ilipokuwa. Akaitazama ile nukta, akasema, "Kumbe ilikuwa inapima tangi."