Kubadilisha uso kwenye picha ya flashi: macho yamefunguka, lakini kiraka kinaonekana

Swali: "Wakuu, picha ya familia kwenye harusi, usiku ukumbini, bi shangazi kafumba macho. Fremu iliyofuata macho yako wazi ila flashi haikupiga vizuri, ni giza. Nikihamisha uso unaonekana umebandikwa. Nafanyaje kwenye Photoshop?"

Mkuu, usihamishe uso mzima. Flashi ambayo haijajaa chaji hupiga kwa nguvu ndogo, tuseme robo, na hapo mwanga wa taa za ukumbi unapata nafasi kubwa zaidi kwenye picha. Ndiyo maana fremu ya pili si nyeusi tu, ni ya njano zaidi, na mng'ao wa paji la uso na ncha ya pua haufanani na wa kwanza. Mng'ao uliokwishaungua ukawa mweupe kabisa hauna kitu cha kurekebisha ndani yake. Basi paji, pua na mashavu vibaki vya fremu nzuri, wewe chukua macho tu: kuanzia chini ya nyusi hadi kwenye mkunjo ulio chini ya jicho.

Anza na faili za RAW zote mbili ndani ya Camera Raw. Kama mwanga ulikuwa robo, ongeza Exposure ya fremu ya giza kwa +2.00, kisha vuta Temperature kuelekea bluu hadi shavu la bi shangazi lisomeke karibu sawa kwenye fremu zote mbili. Usiamini jicho lako hapa. Weka kidondoshi cha rangi kwenye 5 by 5 Average, usome namba za R, G na B sehemu ileile ya shavu isiyong'aa. Ukisawazisha kwa kutazama paji la uso utapotea, kwa sababu pale unapima mng'ao, hupimi ngozi.

Sasa chembe, yaani ile noise inayoonekana kama mchanga kwenye picha. Fremu iliyopata robo ya mwanga, ukiinyanyua, chembe zake zinakuwa kama mara mbili ya mwenzake. Fungua paneli ya Histogram kwa Expanded View, chagua kipande kidogo cha ngozi laini, usome Std Dev, namba inayopanda kadiri chembe zinavyozidi. Tuseme fremu nzuri inasoma 4 na ile ya giza 8. Rudi Camera Raw, punguza chembe za fremu ya giza kwa Luminance na Color hadi isome kama 2. Ndiyo, chini ya inavyotakiwa, kwa makusudi: ukizungusha au kubadili ukubwa wa kipande, Photoshop huchanganya pikseli jirani na chembe zinalainika zenyewe bila mpangilio. Ni bora uziondoe kwanza, uweke macho kama leya juu ya fremu nzuri, uyalinganishe kwa Ctrl+T ukiwa umeshusha Opacity hadi 50%, halafu uzirudishe mwishoni.

Kuzirudisha, tengeneza leya mpya juu ya macho, ijaze 50% Gray, iweke Overlay, uibane kwenye leya ya macho kwa Alt na kubofya katikati ya leya hizo. Add Noise, Gaussian, Monochromatic, anza na 3% na upandishe hadi Std Dev ikaribie 4. Chembe hizo huzaliwa na ukubwa wa pikseli moja, ilhali za kamera zimekaa kwa mafungu madogo, kwa hiyo weka Gaussian Blur ya 0.5 hivi kisha upime upya, maana blur hushusha namba.

Pale wengi wanapoharibu ni kwenye maski ya leya ya macho. Brashi laini sana inaonekana salama, lakini mahali ambapo leya mbili zimechanganyika nusu kwa nusu, chembe za huku na za kule hufutana na kubaki takriban 70%. Ukingo unageuka pete laini kuzunguka macho, na ndiyo hiyo inayosema "kimebandikwa". Fanya mpito uwe mwembamba, pikseli 4 hadi 6, na uupitishe kwenye nywele za nyusi na kwenye mkunjo, sehemu ambazo ngozi yenyewe inabadilika.

Kagua kwa 100%, kisha fungua chaneli ya Blue peke yake: hapo ndipo chembe na tofauti za rangi hujitokeza zaidi. Angalia pia nukta ya flashi ndani ya mboni. Kama wenzake wote wanayo na yeye hana, ongeza nukta ndogo nyeupe mahali palepale inapokaa kwa walio karibu naye.

Kama kwenye fremu ya pili flashi haikuwaka kabisa, iache. Mwanga wa taa za dari unatoka juu, unatia kivuli ndani ya tundu la jicho, na kivuli hicho hakuna Curves ya kukigeuza kuwa mwanga wa mbele. Tafuta fremu nyingine ya usiku uleule ambayo flashi ilipiga, hata kama amesimama na kundi jingine, mradi kichwa kimeelekea upande mmoja.