Priseti ya filamu na shavu la bwana harusi

Juzi nilikua naediti picha za harusi kwenye programu ya Lightroom, tulipigia Forodhani saa kumi na moja jioni, bi harusi mweupe, bwana harusi mweusi wa kung'aa. Nikatupia priseti yangu ya filamu, yaani mipangilio ya rangi iliyotayarishwa kabisa, ile inayotia kijani-buluu kwenye vivuli na kuufifisha weusi. Bi harusi katoka kama ua, bwana harusi yakhe kama kapakwa jivu! Mamake kaniuliza, "Mwanangu alikua anaumwa?"

Kosa la kwanza nikakimbilia rangi ya chungwa nikapandisha Luminance, yaani mwangaza wa rangi hiyo. Uso ukawa mabakamabaka, maana ngozi yake ina wekundu mwingi na ule wekundu sijaugusa, hapo hapo hina ya bi harusi ikapauka. Nikarudisha.

Tatizo lenyewe ni kwamba ngozi zetu sote, mweupe, maji ya kunde, mweusi, zinakaa karibu sehemu moja baina ya nyekundu na manjano, kinachotofautiana zaidi ni mwanga. Sasa priseti haijui ngozi wala kivuli, inajua giza tu, kwa hiyo ule ubuluu unampita bi harusi unakwenda kumkalia bwana harusi shavuni.

Usiliamini jicho peke yake, likishaangalia skrini nusu saa linazoea. Kwenye Lightroom weka mshale juu ya shavu upande wa kivuli, usome R, G, B, yaani nyekundu, kijani na buluu, chini ya histogramu. Ngozi iliyo sawa R inaongoza, inafata G, B ya mwisho. Yeye kabla ya priseti alikua 28, 19, 15, baada yake 24, 22, 25. Buluu imeipita nyekundu, ndo jivu lenyewe.

Nilichofanya, Color Grading nikapunguza Saturation ya Shadows mpaka karibu nusu, Balance nikaipeleka kulia ili ile rangi ibaki kwenye giza la kweli, yaani nywele, koti na vichochoro nyuma yao. Halafu nikamchagua yeye tu kwenye maski, Face Skin pamoja na Body Skin (ukisahau shingo utajuta), Temp juu kidogo, Tint kidogo upande wa waridi. Mwanga sikuongeza hata chembe, mtu mweusi abaki mweusi wake. Ikasoma 27, 20, 17.

Ila yote haya baada ya kuweka sawa white balance, yaani kuionesha programu kitu kisicho na rangi ili ipime kwacho, na hapo usibonyeze kwenye kanzu. Kanzu zetu zinatiwa buluu kwenye kufuliwa, mie niliwahi kubonyeza kanzu ya shehe ukumbi mzima ukawa manjano. Siku hizi nabeba kadi ya kijivu ya kubonyezea, picha moja ya mwanzo wanaishika wenyewe huku wanacheka.

Hina nayo ikarudi nyekundu yake.