Kwenye waranti ya gari, tafuta kifungu cha chanzo

Msomaji mmoja ameniandikia wiki hii. Amepata gari lililotumika, lenye cheti cha ukaguzi na waranti, na muuzaji anamhakikishia kwamba "injini yote imo". Anauliza kama asaini. Namjibu hapa hadharani, kwa sababu hivi karibuni kampuni ya waranti imenilipia matengenezo ya injini baada ya kunikatalia kwa barua, na sioni aibu kujivunia.

Kwanza ajue ameshika waranti ya aina gani. Ya gari jipya kwa kawaida inabeba kila kitu isipokuwa vilivyotengwa, kama matairi, pedi za breki, klachi na balbu. Ya gari lililotumika mara nyingi imegeuzwa: vilivyotajwa ndivyo vilivyomo, na kisichotajwa hakimo, hata kiwe kimefungwa katikati ya injini. Yangu ilisema "bloku, silinda hedi, na sehemu zote za ndani zinazolainishwa kwa oili", kisha ikataja pampu ya maji kwa jina. Rejeta, mipira ya maji na thamostati havikutajwa.

Wengi huishia kwenye orodha hiyo. Kurasa kadhaa mbele, kwa herufi za kuumiza macho, kulikuwa na kifungu hiki: uharibifu wa sehemu iliyomo uliosababishwa na sehemu isiyokuwemo haulipwi. Maana yake ni kwamba mpira wa maji, ambao ni bei ndogo, ukipasuka na injini ikachemka hadi silinda hedi ikapinda, hulipwi mpira wala hedi. Hedi imo kwenye orodha, ila chanzo chake hakimo.

Sasa yaliyonikuta. Taa ya joto iliwaka barabarani, nikaegesha na kuzima injini palepale, gari likavutwa hadi gereji. Gasketi ya silinda hedi ilikuwa imekwisha. Gereji ikaandika kwenye ripoti yake: "Injini imechemka, gasketi imeungua." Kwa maneno hayo manne kampuni ikakataa, ikidai kuchemka kwa injini kumetengwa na gasketi hazimo. Barua ile bado inanichoma, maana aliyeiandika hakusoma mkataba wake mwenyewe! Kifungu cha kuchemka kilitenga dereva anayeendelea kuendesha huku taa ikiwaka. Kifungu cha gasketi kilisema hazilipwi peke yake, ila hulipwa zinapohitajika katika kutengeneza sehemu iliyomo.

Nikamrudia fundi, nikamwomba aandike chanzo badala ya matokeo. Chini ya pampu ya maji kuna kitundu kidogo ambako maji hutokea pampu ikianza kuvuja, na pembeni yake palikuwa na utando mkavu wa maji ya rejeta. Shafti ya pampu ilicheza ukiitikisa kwa mkono, dalili kwamba beringi imekufa. Ripoti ya pili ikasema: beringi ya pampu imeharibika, pampu ikavuja, maji yakapungua, injini ikachemka, hedi ikapinda. Mnyororo ulianzia kwenye sehemu iliyotajwa kwa jina. Nikaambatisha picha, risiti za sevisi na risiti ya kuvutwa, inayoonyesha mahali gari lilipochukuliwa. Wakalipa. Ndugu zangu, someni kabla ya kulia!

Jambo jingine ni kibali. Mikataba mingi inataka kampuni iruhusu kabla fundi hajafungua injini, na chanzo kikionekana hakimo, gharama ya kufungua ni yako. Kwa hiyo mwambie fundi aanze na kinachofunguka kwa urahisi. Sisi tulitoa pampu kwanza, tukapiga picha, tukaomba kibali, hedi ikafuata.

Na tarehe, tafadhali. Waranti ya "miaka 5 au kilomita 100,000" mara nyingi huhesabiwa tangu gari lilipouzwa kwa mara ya kwanza, si tangu siku uliyolinunua wewe. Likiwa na miaka 3 na kilomita 62,000, umebakiwa na miaka 2 au kilomita 38,000, chochote kitakachotangulia. Anayekwenda kilomita 25,000 kwa mwaka ataimaliza katika mwaka mmoja na nusu hivi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, usisaini bado. Omba mkataba wenyewe, si kipeperushi. Tafuta pampu ya maji kwenye orodha, kisha kifungu cha chanzo, kisha tarehe ya kuanza. Ile kauli ya "injini yote imo", muuzaji aiandike ndani ya mkataba na kuiwekea sahihi, kwa sababu karibu na mwisho utakuta sentensi inayosema ahadi za mdomo si sehemu ya waranti.