NASI imepanda, hisa zangu zimeshuka

“NASI imepanda, mbona hisa zangu karibu zote zimeshuka?”

Tazama Safaricom kwanza. NASI, faharasa inayopima hisa zote za Soko la Hisa la Nairobi, huchukua bei ya kila kampuni mara idadi ya hisa zake, ikajumlisha zote, kisha ikalinganisha na jumla ya msingi, iliyopewa 100 mwaka 2008. Safaricom ina hisa takriban bilioni 40, kwa hiyo ikitikisika kidogo tu, namba nzima inafuata. Chukua soko la kampuni mbili: moja thamani yake bilioni 900, nyingine 100. Kubwa ipande 5%, ndogo ishuke 20%. Jumla inatoka 1,000 hadi 1,025, yaani faharasa imepanda 2.5%. Ungezipa uzito sawa, ingeshuka 7.5%. Zote mbili ni kweli, ila zinajibu maswali tofauti.

— Kwa hiyo hisa ya bei ghali ndiyo inavuta?

Hapana, bei peke yake haisemi kitu. Hisa ya shilingi 300 yenye idadi ndogo inaweza kuwa nyepesi kuliko ya shilingi 20. Na kampuni ikigawanya hisa, bei inashuka, idadi inaongezeka, uzito unabaki palepale.